Mwaliko wa futari: «ufunguzi» au «kufuturu»?

Swali: Nimewaandikia majirani zangu wa hapa Nkuhungu, Dodoma: «Mnaalikwa kwenye ufunguzi wa futari kwangu usiku wa Ijumaa saa 18:45.» Mke wangu anasema ujumbe huu utawachanganya watu. Kosa liko wapi?

Jibu: Mkeo ana haki. Aliyefunga saumu hufungua, na kitenzi hicho ni sahihi kabisa, lakini nomino «ufunguzi» imekwisha kuzoeleka kwa mikutano na majengo, kiasi kwamba msomaji wako anaweza kumngojea mgeni rasmi wa kukata utepe. Futari ni chakula chenyewe, na kitendo cha kukila jua linapotua ni kufuturu. Wewe unayewaandalia wengine unawafuturisha, na kitenzi hicho kimoja kinatosha kueleza kwamba gharama ni yako.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, limo katika «usiku wa Ijumaa». Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, kwa hiyo wazee wengi wakisikia maneno hayo huelewa jioni ya Alhamisi, ilhali jirani asiyeifuata hesabu hiyo atakuja siku ya pili yake, yaani Ijumaa yenyewe. Andika «Ijumaa jioni» na uongeze tarehe ya kalenda ya kawaida, kwa sababu tarehe ya Ramadhani hutegemea mwandamo na majirani wenyewe huenda hawakuanza kufunga siku moja.

Kuhusu saa, andika kama tunavyotamka, yaani saa 12:45 jioni, tena utenganishe wakati wa kufika na wakati wa kufuturu. Wakati wa kufuturu uuache kwa adhana ya mtaani kwenu, maana jua la Dodoma hutua takriban dakika 14 baada ya la Dar es Salaam, na mgeni anayefuata adhana ya redio inayorusha matangazo kutoka Dar atainua tende mapema.

Ningeuandika hivi:

«Ndugu na majirani, habari za mfungo? Mimi na mke wangu tunapenda kuwafuturisha nyumbani kwetu Nkuhungu siku ya Ijumaa jioni, tarehe 6 Machi 2026. Tafadhali fikeni saa 12:30 jioni, nasi tutafuturu mara tu msikiti wetu utakapoadhini Magharibi. Uji, tende na mihogo ya nazi vitakuwapo. Msiofunga pia karibuni sana, njooni na watoto. Naomba mnijulishe kufikia Alhamisi mchana mtakuwa wangapi.»

Sentensi ya «msiofunga» nimeiweka makusudi, kwa kuwa jirani Mkristo akisoma «kuwafuturisha» peke yake anaweza kudhani kwamba hahusiki, au kwamba atatakiwa kushinda na njaa kwanza. Ukimtumia mtu mmoja mmoja badala ya kundi, geuza «fikeni» kuwa «fika» na «karibuni» kuwa «karibu», na umwite kwa jina lake mwanzoni.