Neno la familia: kwa wadogo zangu mnaoandika juu ya babu zenu

Jumamosi iliyopita, kwenye misa ya mazishi katika parokia moja ya Kadutu, kijana wa shirika letu la Kikristo la mtaani alisimama kwenye mikro akasoma juu ya babu yake kwa dakika 18. "Mcha Mungu" nililisikia mara tisa. Bibi yake alikuwa benchi la kwanza, kitambaa cheusi kichwani, macho chini. Halafu kijana akasahau karatasi kidogo, akasema kwamba babu alikuwa akiwasha mbabula kila asubuhi kabla ya kusali, ili bibi akiamka akute maji yamepata moto. Bibi akainua kichwa na kumtazama. Mimi nikasema moyoni: sasa endelea hapo hapo, mdogo wangu. Hakuendelea. Alirudi kwenye karatasi, na bibi akarudisha macho chini.

Ndiyo sababu ninaandika. Nimekuwa mwandishi wa shirika kwa miaka mingi, na familia nyingi hapa Bukavu huniletea karatasi zao usiku wa matanga. Ninawapenda mnaozileta. Lakini makosa ni yale yale, na moja niliwahi kulifanya mimi, kwa babu yangu mwenyewe.

1. Anzeni na saa, sifa zitakuja zenyewe.

Babu wa kelele ni rahisi kumwandika. Huyu wetu aliyesali kimya ndiye anatushinda, kwa sababu hakutuachia maneno. Hakuwa katekista, hakuwa mkubwa wa Legio, hakuwahi kutoa ushuhuda mbele ya watu. Basi tunakimbilia "mtu wa sala", "nguzo ya imani", na karatasi hiyo unaweza kuisoma kwa babu yeyote wa Bagira au Ibanda bila kubadilisha kitu isipokuwa jina.

Muulizeni aliyelala naye nyumba moja: aliamka saa ngapi? Aligusa nini kwanza? Nani alijua kwamba anasali, na alijuaje?

Babu yangu alikuwa fundi wa kushona. Mashini yake ilikuwa ya kukanyaga, barazani, na sisi wajukuu tulikua ndani ya ule mlio. Saa sita kamili, kengele ya parokia ikilia, mguu wake ulitoka kwenye pedali. Hakusimama wala kufumba macho, na midomo yake ilitikisika kidogo tu. Mkono wa kushoto ulibaki juu ya kitambaa ili kisiteleze, wa kuume uliwekwa juu ya gurudumu mpaka litulie. Malaika wa Bwana, Salamu Maria tatu, sala ya mwisho: dakika mbili hivi. Kisha pedali tena, na mshono uliendelea pale pale ulipokomea. Mteja aliyekuwa katikati ya kulalamika juu ya suruali yake alingoja. Majirani walikuwa wakisema, "Mashini ya mzee imenyamaza, tieni bugali motoni."

Hayo ningeweza kuyasoma kwa dakika moja, na kila mtu wa avenyi yetu angemwona. Siku ya mazishi sikuyasoma. Niliyaona madogo mno.

2. Jina na tarehe, muulize daftari la ubatizo.

Wazee wetu wengi wameandikwa "amezaliwa kuelekea 1938", au mwaka mwingine uliokadiriwa na karani. Msisome tarehe kamili ambayo mmeitoa kwenye karti ya uchaguzi bila kuuliza. Nendeni parokia alikobatizwa, ombeni daftari. Mara nyingi utakuta siku ya ubatizo, majina ya wazazi, na msimamizi wake.

Angalieni pia jina. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristo, kwa hiyo karatasi za babu za miaka ile ya Zaire zina majina ya ukoo tu. Mjukuu akinakili karatasi hizo, babu anazikwa bila jina la ubatizo wake. Nasi ilikuwa karibu itokee hivyo. Mama mkubwa ndiye aliyesema, "Na Yosefu mmemweka wapi?" Hapo nikajifunza kwamba miaka yote ile ambayo jina halikuandikwa popote, babu alivaa shati jeupe kila tarehe 19 Machi, hata kama ni siku ya kazi, akashona nalo tangu asubuhi. Bibi alilifua usiku ule ule. Hakuna mtoto aliyeelezwa sababu. Mama mkubwa alikuja kuielewa alipokuwa amekwisha kuolewa, akisikia misa ya Mtakatifu Yosefu katika parokia ya mume wake.

3. Alichokificha, mkiache kimefichwa.

Hapa mnivumilie, ni parefu.

Usiku wa pili wa matanga nilikuwa ninatafuta cha kuandika. Nilifungua kaye yake ya oda, ile yenye jalada la bluu lililoliwa na jasho la mikono. Kila ukurasa ulikuwa na mistari minne: jina, vipimo, bei, na mwisho neno moja, "amelipa" au "bado". Nikamwonyesha bibi, kwa sababu mwandiko ule ulikuwa umenigusa. Bibi aliweka kidole juu ya jina moja, jina la mama mjane wa karibu nasi, lililorudi kila mwezi wa nane, kabla shule hazijafunguliwa. Iniforme tatu, bluu na nyeupe. Mbele yake: "amelipa".

"Huyu hakulipa hata mara moja," bibi akanong'ona. "Babu yako hata mimi hakuniambia. Nilijua kwa kuhesabu kitambaa."

Nilielewa kwa nini aliandika vile. Wanafunzi wake wawili walisoma kaye ile kila siku. Angeandika "bure" au "bado", wangejua, na wangemwangalia yule mama kwa jicho lingine akija kuchukua nguo. Kwa hiyo alifunga iniforme ndani ya gazeti, akamkabidhi kama mteja mwingine yeyote, akampigia na hesabu ya vifungo. Miaka kadhaa.

Niliona nimepata dhahabu. Injili ya Matayo sura ya 6 ilikuwa mbele yangu, mkono wa kushoto usijue unalofanya mkono wa kuume, nami nikaiandika juu kabisa ya karatasi. Sikuona kwamba mkono wa kushoto sasa ni mimi.

Siku ya misa, baada ya sala ya komunyo, padri aliniita. Kanisa lilijaa mpaka nje. Nikasoma Matayo, nikasoma ukurasa wa kaye, na nikasoma jina. Nililisoma kwa sauti nzuri, polepole, kama walivyonifundisha. Nilisema pia ni watoto watatu.

Mkubwa wao alikuwa kwenye kwaya, safu ya pili, miaka 16. Niliona vichwa vikigeuka. Kwanza wanakwaya wenzake, kisha wamama wa upande wa kushoto, kisha benchi zima. Yule kijana alishika kitabu cha nyimbo kwa mikono miwili akakiinua mpaka usoni. Mama yake alikuwa karibu na mlango. Nilipomaliza hakuwepo tena, na makaburini hatukumwona, yeye aliyekuwa amepika nasi siku mbili mfululizo.

Watu walinipongeza. Mjomba alilia, akasema hajawahi kusikia neno zuri hivi. Bibi hakusema kitu hadi jioni, tulipokuwa tunakusanya viti. "Kwa nini weye ulisema?" Aliuliza hilo tu. Sikuwa na jibu, na hata leo nikiwa jikoni peke yangu swali hilo linanirudia kwa sauti yake.

Baada ya siku nane nilienda na mama mkubwa kuomba msamaha. Yule mama alitupokea vizuri, akatupa chai. Alisema babu alikuwa mtu mwema, na kwamba yeye alikuwa akisali kwa ajili yake kila Jumatatu bila mtu kujua. Halafu akasema, "Lakini mtoto hataki kurudi kwaya." Hakurudi. Tukikutana njiani mama ananisalimia, hasimami.

Kwa hiyo kila karatasi inayopita kwangu ninaisoma hivi. Nikikuta tendo la msaada, ninauliza: aliyesaidiwa yuko hai, na atakuwa kanisani? Ukitoa jina, je, mtaa, idadi ya watoto, na mwaka havimtaji bado? Kwetu, ambapo kila mtu anajua nani alifiwa na nani lini, mara nyingi vinamtaja. Basi tendo lote linatoka. Kama aliyesaidiwa mwenyewe anataka kusema, atasema matangani, kwa mdomo wake, na mtamwachia kiti. Wengine huniambia, "Lakini hiyo ndiyo imani yake yenyewe, tukiitoa kinabaki nini?" Inabaki mashini inayonyamaza saa sita, na shati jeupe la Machi. Hayo aliyafanya mchana, barazani, mbele ya macho ya wote. Yale mengine alichagua nani ayaone.

4. Mengine ni mafupi.

Neno la familia lina mahali pake: baada ya sala ya komunyo, kabla ya buriani ya maji ya baraka na ubani. Msimlaumu padri kwamba mahubiri hayakumsifu babu, Mwongozo wa Misale ya Kiroma namba 382 unamzuia. Dakika tano zinatosha, yaani kurasa mbili za kaye zilizoandikwa kwa mkono. Andikeni kwa herufi kubwa, machozi hufuta herufi ndogo. Orodha ya watoto na wajukuu isomwe nyumbani kabla ya kutoka, maana huko ndiko wanakogombana juu ya nani amesahauliwa. Mmoja akae karibu na msomaji akiwa na nakala, aendelee sauti ikikatika.

Na bibi asikie karatasi yote kabla ya mtu mwingine yeyote. Msimpe mkononi, msomeeni, mkiwa wawili tu, mlango umefungwa. Akinyamaza kwa muda mrefu juu ya sentensi moja, iwekeni alama ya biki na mmuulize kesho yake asubuhi. Mimi nilikuwa na usiku mzima wa kumsomea bibi yangu.

Familia inayozika Jumamosi hii, nileteeni karatasi yenu Alhamisi jioni, shirika likimaliza kusali. Mje mkiwa mmekwisha kuongea na bibi.