Shajara ya Jonathan imekatika

"Wakuu, nasoma riwaya ya Dracula hapa Lindi, shajara ya Jonathan imekatika 30 Juni, ghafla narudishwa Mei. Nakala yangu imechanika?"

Haijachanika, ndo kilivyo. Ila usiruke tarehe, andika pembeni nani kaandika lini. Ona, 19 Mei Dracula, mwenye ngome anamokaa Jonathan, anamlazimisha jamaa aandike barua tatu za tarehe za mbele, 12, 19 na 29 Juni, sasa nenda kwenye shajara ya mchumba wake Mina ya 26 Julai, kaletewa barua ya mstari mmoja tu eti ndo naanza safari ya kurudi, anasema mbona sio kawaida yake, wewe msomaji unajua ile barua ilivyoandikwa, yeye hajui, mi hapo mwili ulisisimka. Jonathan alitorokaje kwenye ngome? Hatuonyeshwi, kimya hadi 12 Agosti, na anayeandika ni sista anayemuuguza. Mi nahisi mkono wake ulikuwa haushiki hata kalamu.

*

Mi naona mwandishi alichoka tu hapo. Mjomba wangu wa Newala naye msimu wa korosho ukianza barua zilikuwa haziji hadi auze.