Tepu ya rangi, ya waya na ya bati si moja

"Wakuu, nimenunua tepu moja ya kijivu, muuzaji kasema inafanya kazi zote. Nataka kupiga mstari wa rangi mbili sebuleni, nifunge waya wa ekstensheni uliobanwa na mlango ukachubuka, na nizibe kitundu cha msumari kwenye bati la kibarazani. Inatosha au niongeze nyingine?"

Mkuu, hiyo ya kijivu iweke kabatini kwanza, kwa sababu kati ya kazi zako tatu hakuna hata moja iliyo yake. Nimepaka rangi na kufunga umeme majumbani hapa Dar kwa miaka kumi na minne, na mara nyingi nilipoitwa kurekebisha kazi ya tepu, nilikuta tepu yenyewe ni nzima kabisa, ila imewekwa pasipo pake.

Nianze na ukuta, maana ndiko kwenye mambo mengi. Hapo unahitaji maskin tepu, ile ya karatasi yenye mikunjo midogo midogo. Ilibuniwa mwaka 1925 na Richard Drew wa kampuni ya 3M huko Marekani, baada ya kuona mafundi wa magari wakihangaika kupaka gari rangi mbili. Wakibandika tepu ya gundi kali, ikitoka inatoka na rangi ya chini. Sebule yako ina tatizo hilohilo: unataka kitu kishike kwa saa chache kisha kiachie. Tepu ya kijivu ina gundi nene na kali, haijui kuachia. Ukutani itang'oa emalshen pamoja na wolputi iliyo chini yake, na pale itakapoacha ukuta mzima itabakiza nata inayoshika vumbi.

Tuseme sebule yako ni mita 4 kwa 3.5. Mzunguko wake ni mita 15, ukitoa mlango inabaki 14 na kidogo. Kwa hiyo roli ya mita 20 inatosha mstari wote, ya mita 10 haitoshi. Soma urefu kwenye roli kabla hujalipa. Upana wa milimita 24 unatosha.

Rangi ya juu ndiyo inayopakwa kwanza, ishuke sentimita kama tano chini ya pale mstari utakapokaa. Mikono miwili ikikamilika, usibandike kitu siku hiyohiyo. Mimi huacha siku mbili. Msimu wa mvua, ukuta unapokauka kwa shida, naongeza. Kisha nabandika kipande cha tepu cha urefu wa kiganja nyuma ya mlango, nakisugua kwa kidole, nasubiri robo saa, nakivuta. Kikitoka kisafi, naendelea. Kikitoka na unga mweupe, ukuta una vumbi la msasa au chokaa ya zamani, na hakuna tepu itakayoshika hapo. Futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha ukauke, jaribu tena. Kikitoka na ganda la rangi, basi rangi ya chini haikushika, na dawa yake ni kukwangua na kupaka praima.

Piga mstari kwa penseli na levo, halafu bandika tepu juu ya mstari, ukingo wake wa chini ukifuata penseli. Usiivute unapobandika, maana karatasi iliyovutwa hujirudi polepole na kuinua ukingo. Sugua ukingo ule wa chini kwa kadi ya plastiki, si kidole, mpaka uone karatasi imelala kwenye kila kishimo.

Sasa kuna hatua moja ambayo wengi huiruka, nayo ndiyo inayotenganisha mstari ulionyooka na mstari wenye manyoya. Chovya brashi ndogo kwenye rangi ileile ya JUU, upitishe kwa wepesi kwenye ukingo wa tepu. Ukuta hauko laini kama kioo, kuna vinjia vidogo chini ya tepu. Rangi yoyote ya kwanza kufika hapo ndiyo itakayoingia na kuvijaza. Ikiingia ya juu haionekani, kwa sababu ni rangi ileile, na ikikauka inakuwa imefunga njia. Ya chini ikija inakuta pameshazibwa. Bila hatua hii, hata tepu ya bei kubwa inaweza kuvujisha.

Ikikauka hiyo, paka ya chini. Tepu itoe wakati mkono wa mwisho bado mbichi, haudondoki lakini haujashikana. Ikunje juu ya yenyewe, uvute taratibu kwa pembe ya kama nyuzi 45 ukielekea mbali na rangi mbichi. Ukichelewa ikakauka, rangi inakuwa ngozi moja iliyounganisha tepu na ukuta, na ukivuta inachanika kwa meno. Hapo pitisha wembe mpya kwenye ukingo kwanza, kwa mkono mwepesi.

Kama chini unapaka rangi ya mafuta, kama tunavyofanya wengi ili ukuta ufutike alama za watoto, kumbuka mkono wa kwanza unalala mpaka kesho ndipo upake wa pili. Maskin tepu ya kawaida, ile ya rangi ya krimu, mimi siiachi zaidi ya siku moja. Kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana hata siku moja ni nyingi: gundi inapikika, karatasi inatoka vipandevipande, gundi inabaki kwenye fremu. Kwa rangi ya mafuta nunua ile ya bluu ya wapaka rangi, ambayo zilizo nzuri huandikwa siku 14 kwenye karatasi yake. Ukiikosa, toa ya krimu baada ya mkono wa kwanza, bandika mpya kesho yake.

Tuje kwenye ekstensheni, na hapa nakuomba unisikilize kwa makini. Ichomoe kwenye soketi kabla hujaigusa. Halafu angalia mchubuko mwangani. Waya wa ekstensheni una ganda la nje, ndani yake kuna nyaya tatu, kila moja na ganda lake: kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Kama lililochubuka ni la nje tu na zile za rangi ni nzima, tepu nyeusi ya umeme itakusaidia. Kama hata moja ya zile za rangi imekatika ganda au unaona shaba, usifunge tepu ya aina yoyote. Kata waya hapo, tupa kipande kibovu, funga plagi upya kwenye kilichobaki. Ekstensheni itakuwa fupi kwa mita moja, sawa. Waya unaokanyagwa na kuvutwa kila siku hauungwi katikati.

Tepu nyeusi ni plastiki ya PVC, inavutika, na unene wake ni kama milimita 0.13 hadi 0.2 tu. Kazi yake ni kuzuia umeme usitoke. Haishikilii maungio. Futa waya kwa kitambaa chenye spiriti, maana mafuta ya mikono na vumbi ndivyo vinavyoifanya ifumuke. Anza sentimita tatu kabla ya mchubuko. Vuta mpaka uone upana wake umepungua kidogo, kama robo hivi, na kila mzunguko ulalie nusu ya uliotangulia. Fika sentimita tatu baada ya mchubuko, rudi ulikoanzia, halafu nenda na kurudi mara moja zaidi. Mzunguko wa mwisho kabisa usiuvute. Ulalishe tu na uukate kwa mkasi. Ncha iliyovutwa hujirudi baada ya siku chache, nayo ndiyo ile bendera unayoiona ikining'inia kwenye nyaya nyingi.

Ya kijivu kwa nini hapana? Mgongo wake ni plastiki laini juu ya wavu wa nyuzi, na gundi yake hulegea kwa joto. Niliwahi kuitwa kwenye duka la vinywaji ambako waya wa friji ulikuwa umeungwa kwa kusokotwa na kufungwa ya kijivu. Maungio yalikuwa yamelegea, na maungio yaliyolegea hupata joto kila friji inapowaka. Gundi ilikuwa imetiririka kwenye waya kama asali, tepu imeteleza, shaba inaonekana, na chini kuna sakafu inayopigwa deki kila asubuhi. Umeme wetu ni volti 230. Nilikata kile kipande, nikaweka waya mzima usio na kiungo. Hata tepu nyeusi isingeokoa maungio yale, ingeyaficha tu. Kwako ukisikia harufu ya plastiki, au ukigusa palipofungwa pakawa pa moto kuliko waya mwingine, chomoa, usiongeze tepu.

Dukani vuta kipande kidogo cha tepu nyeusi. Nzuri inavutika na kurudi polepole. Mbovu inakatika kama karatasi, au inaacha gundi kwenye vidole.

Kuna pia tepu ya kitambaa, isikuchanganye. Ile ya mafundi umeme wa magari inafunga nyaya zisisuguane na bodi na zisipige kelele, kwa kuwa kwenye joto la injini gundi ya tepu nyeusi huwa ujiuji. Ile pana isiyong'aa ya watu wa muziki na video inalaza nyaya sakafuni na ikitoka haiachi nata. Lakini kitambaa hakizuii umeme, kwa hiyo zote mbili huzihitaji hapa.

Bati sasa. Tepu ya kijivu inatokana na vita: mwaka 1943 Vesta Stoudt, mfanyakazi wa kiwanda cha silaha Marekani, alimwandikia Rais Roosevelt akipendekeza tepu ya kitambaa isiyopitisha maji ya kufungia masanduku ya risasi. Kuzuia maji inaweza, kwa muda. Inachoshindwa ni joto na jua la muda mrefu. Mwaka 1998 maabara ya Lawrence Berkeley huko California iliijaribu kwenye njia za hewa ya moto, kazi ileile inayobeba jina lake la Kiingereza, duct tape, yaani tepu ya njia za hewa, na ilishindwa. Bati la saa nane mchana huligusi kwa kiganja. Juu yake plastiki itapasuka, nyuzi zitabaki wazi, na maji yatapita chini yake kama utambi.

Kwa kitundu cha msumari, mimi nisingeweka tepu kabisa. Ng'oa msumari, funga skrubu ya bati yenye washa ya mpira, nene kidogo kuliko msumari ili ishike mbao upya. Kaza mpaka mpira utulie, ukizidisha unachanika. Kama bati limechanika na skrubu haitoshi, nunua tepu ya lami yenye mgongo wa alumini, wanaiuza maduka ya vifaa vya ujenzi. Sugua kutu kwa msasa, futa, subiri bati likauke kabisa, kata kipande kinachozidi tundu kwa sentimita tano kila upande, kizungushe pembe zake zisiwe kali, kisha kandamiza kuanzia katikati kwenda nje. Fanya asubuhi bati likiwa limeshapata joto kidogo, lami inashika vizuri zaidi kuliko kwenye bati lenye umande.