Kabla hujaandika barua ya kukataa dai

Wewe uliyeanza juzi kwenye dawati la madai, ukikuta mteja alificha jambo alipokata bima usikimbilie kuandika barua ya kukataa. Kufichwa kwa jambo ni mwanzo tu wa hoja.

Chukua mfanyabiashara aliyekatia ghala lake bima ya moto. Fomu ya maombi ilimuuliza kama amewahi kupata hasara ya moto katika miaka 5 iliyopita, akajibu hapana. Ghala likaungua kwa hitilafu ya umeme, na mkaguzi wa hasara akagundua kwamba liliwahi kuungua miaka 3 nyuma. Wageni hubishana kutwa kama moto ule wa zamani ndio ulioleta huu. Kwa kanuni za zamani za sheria ya Kiingereza, hilo halihitajiki. Tangu kesi ya Carter dhidi ya Boehm, 1766, hoja ni kwamba habari za hatari ziko mikononi mwa mteja, na kampuni inapanga bei kwa kuamini anachosema. Kinachotazamwa ni siku ya kukubaliana, si siku ya moto.

Unachotakiwa kuthibitisha ni mambo mawili. Kwanza, je, jambo lile lingezingatiwa na kampuni makini inapoamua kupokea hatari au kupanga ada? Pili, je, kampuni yenu yenyewe ilishawishika nalo? Hili la pili lilitiliwa mkazo na mahakama ya juu ya Uingereza mwaka 1994, katika kesi ya Pan Atlantic, na ndilo linaloangusha wengi. Fungua faili la maombi. Ukikuta ofisa yuleyule alipokea wateja wengine waliowahi kuunguliwa, kwa ada ileile, hoja yenu imelegea sana. Mhoji mapema, kabla hajajua unatafuta jibu gani.

Kisha nenda kwa wahasibu. Tuseme ripoti ya mkaguzi imefika kwenye dawati lenu Jumatatu. Ijumaa wahasibu wanapokea awamu ya ada kama kawaida na kutoa risiti. Mteja atasema mlijua, mkaamua kuendelea na mkataba, na huenda akashinda. Kwa hiyo siku hiyohiyo ya ripoti, andika kwamba mnachunguza bila kupoteza haki zenu, na uzuie mapokezi ya fedha.

Kumbuka pia kwamba mkataba ukibatilishwa, unakufa tangu mwanzo. Kama hakukuwa na udanganyifu, ada inarudishwa. Huwezi kuibana ada na dai pia ukalikataa.

Mwisho, soma ni sheria ipi inayotawala mkataba. Uingereza ilibadilika kwa sheria ya mwaka 2015: mteja wa biashara asipokuwa amekusudia wala kupuuza kwa makusudi, na kampuni ingempokea kwa ada kubwa zaidi, dai hupunguzwa kwa uwiano. Aliyelipa 600 badala ya 1,000 hupata asilimia 60 ya dai lake.