Hitilafu moja, vitabu viwili: kuoanisha tiketi ya Zendesk na isyu ya GitLab

Ushauri huu ni kwa mnaoanza kazi kwenye dawati la msaada, hasa kwenye timu ndogo kama nyingi za hapa Mbeya, ambako msaada wanatumia Zendesk na wasanidi wanatumia GitLab. Tutafuata hitilafu moja tangu inaporipotiwa mpaka inapofungwa, maana ugumu wa kazi hii hauonekani mpaka uwe na tiketi halisi mkononi.

Chukulia apu ya mizani inayotumiwa na makarani wa vituo vya kukusanyia majani mabichi ya chai. Karani anapima, anabonyeza tuma, na uzito unakwenda seva. Asubuhi moja simu inaita kutoka Rungwe: "Dada, shikamoo. Kuna mkulima wangu ameingia mara mbili. Kaleta kilo 42, mfumo unasema 84. Ilikuwa saa nne na dakika kumi hivi, mtandao ulikuwa unakatikakatika." Mchana tiketi mbili nyingine zinaingia zenye malalamiko yaleyale, moja ya Busokelo na nyingine ya Mufindi.

Jambo la kwanza ni kutofungua isyu tatu. Tiketi ni ya mteja, kwa hiyo kila mteja anabaki na yake. Isyu ni ya hitilafu, kwa hiyo inakuwa moja. Kabla ya kufungua mpya, tafuta GitLab kwa maneno ambayo msanidi angetumia, mfano "uzito" au "rekodi mara mbili", na utafute hata kwenye isyu zilizokwisha kufungwa. Ikishapatikana au kufunguliwa, tuseme ni #87, ifunge kamba pande zote mbili. Kila tiketi ipewe tagi `gl-87`, na namba za tiketi ziandikwe juu kabisa kwenye maelezo ya isyu. Usiziandike kwenye maoni, kwa sababu baada ya wiki mbili maoni yatakuwa marefu na hakuna atakayezitafuta humo. Tagi ina faida moja kubwa: siku ya kuwajibu wateja, unaandika mstari huu kwenye utafutaji wa Zendesk na wote wanaosubiri wanatokea:

```
tags:gl-87 status<solved
```

Sasa kitu gani kinavuka kutoka kwenye tiketi kwenda kwenye isyu? Wageni wengi hunakili mazungumzo yote na kuyabandika. Usifanye hivyo. Mazungumzo yana majina ya wakulima, namba zao za simu na malipo yao, na msanidi hahitaji hata kimoja kati ya hivyo. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kusambaza taarifa za watu bila haja ni suala la kisheria pia. Msanidi anahitaji namba ya rekodi, toleo la apu na muda.

Muda uangalie kwa makini kuliko vyote. Karani amesema saa nne na dakika kumi, naye anahesabu kama tunavyohesabu sote. Kwenye saa ya kompyuta hiyo ni 10:10. Logi za seva nyingi huandikwa kwa UTC, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu, kwa hiyo humo tukio limeandikwa 07:10. Ukiandika "saa 4:10" kwenye isyu, msanidi atafungua logi za 04:10, hatakuta kitu, na isyu itarudi na maoni kwamba tatizo halionekani. Andika hivi, na pasiwe na nafasi ya kukisia:

```
Tiketi: 5412, 5417, 5430
Toleo la apu: 2.6.0
Muda: 10:10 EAT = 07:10 UTC
Rekodi: 118204 na 118205
```

Kwa taarifa hizo msanidi anaona haraka kilichotokea. Rekodi ya kwanza iliingia 07:10:04 na ya pili 07:10:34. Apu ilituma uzito, seva ikaupokea, lakini jibu la seva likapotea njiani mtandao ulipokatika. Apu ikasubiri sekunde 30, ikadhani haikufika, ikatuma tena. Seva haikuwa na njia ya kujua kwamba huo ni uzito uleule. Tiba yake ni apu kukipa kila kipimo namba yake ya pekee kabla ya kutuma, na seva kukataa namba iliyokwisha kuiona.

Wasanidi wakiwa kazini, tiketi zikae hali gani? Ziweke `On-hold`, na kamwe usiziweke `Pending`. `Pending` maana yake tunamsubiri mteja. Timu nyingi zina otomesheni inayomkumbusha mteja wa tiketi ya `Pending` na baada ya siku kadhaa kuigeuza `Solved`. Karani wa Rungwe, ambaye hakuulizwa lolote, atapata ujumbe kwamba hajajibu, kisha ataona shida yake imeandikwa imetatuliwa. `On-hold` maana yake tunasubiri mtu mwingine upande wetu. Mteja haoni neno hilo; kwake tiketi inaonekana bado iko wazi, na ndivyo ilivyo. Usipoiona hali hiyo kwenye orodha, mwombe msimamizi wa Zendesk aiwashe.

Hatua inayoharibu kazi kuliko zote ni ya kufunga. Msanidi akimaliza sehemu ya seva, huandika kwenye maelezo ya ombi la kuunganisha kodi:

```
Closes #87
```

Kodi ikiunganishwa kwenye tawi kuu, GitLab inaifunga #87 papo hapo. Haijali kama kodi imefika kwenye seva wanayotumia wateja. Kama mtu ameweka daraja la kiotomatiki kwamba isyu ikifungwa tiketi ziwe `Solved`, makarani watatu watapokea habari njema wakati apu zao bado zinarudufisha kilo. Hali ni hiyohiyo ukitumia aina ya tiketi ya `Problem` na kuunganisha nyingine kama `Incident`: ukiigeuza ile moja kuwa `Solved`, zote zilizounganishwa nayo zinageuka pamoja, na maoni uliyoandika yanakwenda kwa wateja wote. Ni nyenzo nzuri ikitumika siku yake.

Waombe wasanidi waandike `Related to #87` badala ya `Closes`. Isyu itaonyesha uhusiano na kubaki wazi. Au msimamizi wa mradi aizime tabia hiyo kwenye `Settings > Repository > Branch defaults`. Kuhusu daraja la kiotomatiki, maoni yetu ni haya: liruhusiwe kubeba taarifa, lisiruhusiwe kubadilisha hali. Isyu inapobadilika, liandike maoni ya ndani kwenye tiketi, ambayo mteja hayaoni. Uamuzi wa kumwambia mteja kwamba amepona ubaki kwa mtu wa msaada.

Na mteja huyu hajapona, hata seva ikishasasishwa. Angalia kinachobaki. Apu ya 2.6.0 haitumi namba ya pekee, kwa hiyo seva mpya haina cha kulinganisha, na rekodi zitaendelea kujirudia mpaka simu ya karani iwe na 2.6.1. Kazi hiyo ya apu iwe isyu yake, tuseme #88, iliyounganishwa na #87. Kutoka kwa toleo Play Store nako si kufika kwenye simu. Simu nyingi zimewekwa zisisasishe apu bila Wi-Fi, na kwenye kituo cha majani hakuna Wi-Fi. Pengine pia toleo linatolewa kwa asilimia chache ya simu kwanza. Njia ya uhakika ni kumpigia karani, afungue ukurasa wa Kuhusu ndani ya apu na akusomee namba. Kama seva inaandika toleo la apu kwenye kila rekodi, mwombe msanidi akutolee orodha ya vituo na matoleo yao.

Halafu zipo zile kilo 84. Tiba ya kodi inazuia makosa yajayo. Yaliyokwisha kuingia haiyagusi. Mkulima analipwa kwa kilo zilizoandikwa, na ushirika utalipa mara mbili au utaanza kumshuku karani wake. Kusafisha rekodi iwe isyu ya tatu, #91, na iwe na tarehe ya mwisho kabla ya mahesabu ya malipo ya mwezi. Hapa msaada ndio wenye ufunguo. Msanidi atashawishika kufuta kila jozi yenye mkulima yuleyule na kilo zilezile. Lakini mkulima anaweza kweli kuleta viroba viwili vya kilo 42 kila kimoja, kimoja nyuma ya kingine. Dalili ya kwanza ni pengo: jozi iliyotokana na hitilafu hii iko karibu na sekunde 30, wakati upimaji halisi hauna mpangilio huo. Dalili ya pili, na ndiyo ya kuamulia, ni stakabadhi za karatasi alizonazo karani. Chukua orodha ya jozi zinazoshukiwa kwenye #91, mtumie kila karani za kituo chake tu, aweke alama ya ndiyo au hapana kwa kila moja, kisha majibu yarudi kwenye isyu kwa namba za rekodi, bila majina. Hakuna kinachofutwa kabla ya hapo.

Kwa hiyo tiketi 5412 inakuwa `Solved` pale seva mpya inapofanya kazi, karani wa Rungwe amesoma 2.6.1 kwenye simu yake, na jumla ya mkulima wake imerudi 42. Ya Mufindi inaweza kuchelewa siku tatu zaidi kwa sababu ya bando, na haina ubaya. Ukigeuza, mwandikie mteja kilichorekebishwa na namba ya toleo. Otomesheni ya kawaida ya Zendesk huifunga tiketi kabisa siku 4 baada ya `Solved`. Mteja akijibu ndani ya muda huo, tiketi yake inafunguka upya. Akijibu baadaye, inazaliwa tiketi mpya inayorejea ile ya zamani, na ile ya zamani haihaririki tena.

Mteja wa namna hiyo akija na rekodi nyingine iliyojirudia, muulize toleo kabla ya kugusa GitLab. Akisoma 2.6.0, tatizo ni simu isiyosasishwa. Msaidie kusasisha, na rekodi iongeze kwenye #91. Akisoma 2.6.1, usiifungue #87 tena. Fungua isyu mpya iliyounganishwa nayo, kwa sababu chanzo sasa huenda ni kingine, na logi za jana zisichanganywe na za leo.