Runinga ya Inchi 43 au 50: Pima Kioo Kabla ya Kupima Ukubwa

Nimeonyeshwa runinga mbili dukani: ya inchi 43 kwa shilingi 680,000 na ya inchi 50, jina nisilolifahamu, kwa shilingi 700,000. Zote zimeandikwa 4K. Kwa nini nisichukue kubwa? (Msomaji, Pasua, Moshi)

Ukigawa bei kwa inchi, ile kubwa inatoka shilingi 14,000 kwa kila inchi na ndogo karibu 15,800, na hapo ndipo wanunuzi wengi hukata shauri mapema mno. Maandishi ya 4K kwenye boksi yanaweza kuwa na maana mbili. Maana ya kwanza ni kwamba kioo chenyewe kina nukta, yaani pikseli, 3840 kwa upana na 2160 kwa kimo. Ya pili, ambayo wauzaji hawaitaji, ni kwamba mashine inapokea picha ya 4K kisha inaipunguza ili ienee kwenye kioo chenye nukta 1920 kwa 1080, au hata 1366 kwa 768. Kioo hicho cha mwisho kina nukta kama milioni moja tu, ilhali 4K halisi ina zaidi ya milioni nane.

Usitegemee boksi wala menyu ya runinga, kwa sababu menyu huandikwa na mtengenezaji yuleyule. Hesabu nukta mwenyewe. Mwombe muuzaji aweke picha nyeupe tupu, shikilia rula karibu na kioo bila kukigandamiza, kisha piga picha kwa simu ukiwa karibu kadiri kamera inavyoweza kuona vizuri. Ukiikuza picha hiyo utaona vijistari vyekundu, vya kijani na vya bluu. Kwa kawaida kila kundi la vitatu ni nukta moja. Kioo cha inchi 50 kina upana wa takriban sentimita 110.7, kwa hiyo katika sentimita moja ya upana 4K halisi itakupa nukta zipatazo 35, kioo cha 1920 kitakupa 17, na cha 1366 kitakupa 12 tu. Kwenye ile ya inchi 43, 4K halisi ni nukta 40 kwa sentimita. Ukipata 12 kwenye ile kubwa, iache, kwani mtu aliyeketi mita mbili kutoka hapo ataona kingo za herufi zikiwa na meno. Ukipata 35, basi tofauti ya shilingi 20,000 ni ndogo, na kinachobaki ni kulinganisha weusi wa picha, kama nitakavyomweleza msomaji wa Sakina.

QLED na OLED zinatofautiana nini hasa mpaka bei ipishane hivyo? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Herufi zinafanana, lakini teknolojia ni mbili tofauti. Katika OLED kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe, na inapozimwa huwa nyeusi kabisa. QLED ni kioo cha LCD kama zile zinazouzwa kwa jina la LED: taa ziko nyuma, ila umeongezwa utando unaozifanya rangi zikolee zaidi. Kwa hiyo QLED ni jirani wa LED, na muuzaji asikutoze bei inayokaribia ya OLED. Hata hivyo, kama runinga yako hushinda kwenye chaneli moja ya habari, OLED inaweza kubaki na kivuli cha nembo ya chaneli hiyo.

Runinga yangu ni 4K kweli, lakini picha za usiku huwa za kijivu. Kwa nini? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Wingi wa nukta hauleti weusi. Vioo vya LCD viko vya aina mbili kuu: IPS, ambacho sehemu yake nyeupe hung'aa kama mara 1,000 kuliko nyeusi, na VA, ambacho hufikia mara 3,000 au zaidi. IPS hupendeza kwa anayetazama kutoka pembeni, lakini mwanga wa taa za nyuma huvuja na kugeuza weusi kuwa kijivu. VA hufifia ukisogea pembeni. Mara nyingi maduka hayaandiki aina ya kioo, na modeli moja inaweza kuwa na vioo tofauti kulingana na ukubwa. Kabla ya kununua, omba taa za karibu zizimwe, picha iondolewe kwenye mpangilio wa kung'aa sana uliozoeleka dukani, na iwekwe filamu yenye giza. Kisha itazame ukiwa mbele na ukiwa pembeni.

Natumia king'amuzi tu. Je, nalipia 4K bure? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Chaneli za king'amuzi hurushwa kwa ubora wa kawaida au HD, na runinga huzitanua tu zienee kwenye kioo. Tena, kwenye inchi 43, ukiketi zaidi ya mita 1.7 hivi, jicho la kawaida halitenganishi nukta za 1920 na za 4K. Kama kochi lako liko mita tatu, ongeza pesa kwenye kioo chenye weusi mzuri, na 4K uichukue pale tu ambapo haikuongezei bei.