Safu ya maswali haijazwi darasani

"Nagawa ukurasa safu mbili, maswali nayaandika kushoto palepale mhadhara ukiendelea. Kesho yake nikirudia, sikumbuki kitu. Nakosea wapi?"

Hapo kwenye "palepale". Mhadhiri akizungumza, andika kulia tu, kwa kifupi, na uiache wazi safu ya kushoto. Upana wa sentimita 6 hivi unatosha. Maswali yaandike siku hiyohiyo kabla hujalala, maana bado unaweza kufumbua vifupisho vyako na kuziba ulichoruka.

Tuseme kulia umeandika: "Osmosisi: maji huvuka utando kwenda kwenye mmumunyo mzito zaidi. Seli nyekundu ya damu hupasuka kwenye maji safi." Wengi huweka kushoto neno "Osmosisi" basi. Hicho ni kichwa cha habari, hakikuulizi chochote. Unakiona, unaitikia, unapita. Uliza hivi: "Kwa nini seli nyekundu hupasuka kwenye maji safi, na ya mmea haipasuki?" Ukikuta ukuta wa seli, ambao ndio jibu, haumo kwenye maelezo yako, pengo limejitokeza lenyewe, na mhadhara bado mbichi kichwani.

Sasa funika upande wa kulia kwa karatasi, jibu kwa sauti, ndipo ufunue. Ulilokosa litie alama, uanzie hapo marudio yajayo. Kusoma huku majibu yako wazi kunadanganya: maneno unayatambua, ukadhani unayakumbuka. Maswali 5 hivi kwa ukurasa yanatosha. Yakifika 15, kwa kawaida unauliza sentensi mojamoja badala ya hoja.